Chupa Moja, Mashahidi Watatu

Chupa ya maji ya nusu lita huvishwa lebo nyembamba, na lebo hiyo ina pande mbili ambazo hazilingani hata kidogo. Upande wa mbele, ulio mpana, kuna jina kwa herufi kubwa, mlima wenye theluji, pengine na tone la maji linaloteleza juu ya jani. Upande wa nyuma, karibu na mshono, kuna maandishi madogo yanayotaka macho makali: maji yalichotwa wapi, yalisafishwa vipi, nani aliyeyatia chupani, na alama ya shirika la viwango pamoja na nambari yake. Wengi wetu hununua kwa upande wa mbele. Nataka kutetea upande wa nyuma, ila si kwa maana ya kuupitia kipengele baada ya kipengele na kuridhika kwamba kila kimoja kipo. Chanzo, usafishaji na leseni ni mashahidi watatu wa kesi moja. Yeyote kati yao anaweza kukosea, au hata kudanganya, na ukimsikiliza peke yake hutajua. Kinachofaa ni kuwasikiliza wote, kisha kuuliza kama maneno yao yanapatana.

Tuanze na chanzo, kwa kuwa ndicho kinachochezewa zaidi na picha. Kanuni za kimataifa za vyakula, zile za Codex Alimentarius zilizopitishwa mwaka 2001 kwa ajili ya maji ya chupa yasiyo maji asilia ya madini, zinayagawa maji hayo mafungu mawili. Kuna maji yanayojulikana kwa asili yake, mathalani ya chemchemi au ya kisima maalumu, ambayo hayakupitia mtandao wa maji ya mji. Halafu kuna maji yaliyotayarishwa, ambayo yanaweza kutoka popote, hata kwenye mfereji wa kawaida, kisha yakafanyiwa kazi kiwandani. Maji asilia ya madini yana kanuni zake peke yake, kali zaidi. Huku kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki inafuata mgawanyo unaokaribiana na huo: kiwango EAS 13 ni cha maji asilia ya madini, na EAS 153 ni cha maji ya kunywa yaliyofungashwa. Sehemu kubwa ya chupa zinazouzwa kwenye vituo vya matatu na maduka ya mitaani ni za kundi hili la pili, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Maji ya mfereji yaliyosafishwa vizuri ni maji mazuri. Tatizo huanza pale maji yaliyotayarishwa yanapovaa kanzu ya chemchemi.

Mombasa inatupa mfano mzuri wa jinsi neno chemchemi linavyoteleza. Sehemu ya maji yanayotoka mferejini mjini humo hutoka kweli kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yakisafirishwa kwa bomba refu hadi pwani. Kwa hiyo mfanyabiashara anayejaza chupa zake kutoka mferejini angeweza kudai, kwa ulimi mtamu, kwamba anauza maji ya chemchemi. Kwa mgawanyo ule wa Codex, hawezi. Maji yakishaingia katika mtandao wa mji, yametiwa dawa na kupita kwenye mabomba ya barabarani, asili yake haiwezi tena kuwa sifa ya kuuzia. Kanuni hizohizo zinakataza kulitumia jina la mahali kuwa jina la chapa isipokuwa maji yawe yamechotwa hapo. Basi ukiona mlima upande wa mbele, geuza chupa utafute anwani. Kama kiwanda kiko eneo la viwanda la jiji, na chanzo kimeandikwa kuwa mfereji au hakikuandikwa kabisa, mlima ule ni pambo tu. Kutotaja chanzo si lazima kuwe kosa kwa maji yaliyotayarishwa, lakini kunakupunguzia shahidi mmoja, na wawili waliobaki itabidi waeleze zaidi.

Sasa tufike kwenye usafishaji, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodhani kwamba maneno mengi ni usafi mwingi. Lebo nyingi huandika safari nzima: mchanga, mkaa, RO, UV, ozoni. Kila neno hapo lina kazi yake na halifanyi kazi ya mwenziwe. Kichujio cha mchanga hukamata takataka zinazoonekana. Mkaa maalumu hunasa harufu, rangi na klorini. RO ni mchujo wa utando: maji husukumwa kwa shinikizo kupitia ngozi yenye matundu madogo mno, na sehemu kubwa ya chumvi na madini yaliyoyeyuka hubaki nyuma. UV ni miale inayolemaza vijidudu wakati maji yanapopita mbele ya taa, na kazi yake inaishia hapohapo. Maji yakishaondoka kwenye taa hayana ulinzi. Ozoni nayo huua vijidudu, ila hudumu kwa muda mfupi ndani ya maji kabla ya kuvunjika kuwa oksijeni, ndiyo maana viwanda huitumia mwishoni, karibu na kufunga kizibo. Kwa ufupi, vitu viwili vya mwisho ni vita dhidi ya vijidudu. Havitoi chumvi. Havitoi madini. Na hili linaweza kuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Chukua floridi. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru, Gilgil na Naivasha hadi kule Arusha na Meru upande wa Tanzania, miamba ya volkano huachia floridi ndani ya maji ya ardhini. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote, na kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hudhurika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haina harufu wala rangi, nayo haijali UV wala ozoni. Kuchemsha maji hakuipunguzi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Kinachoitoa ni vitu kama mkaa wa mifupa, uliotumika kwa miaka mingi katika miradi ya maji ya Nakuru na kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha, au mchujo wa RO. Mkaa ule wa kutoa harufu hausaidii.

Tuseme basi umeshika chupa ya kubuni, isiyo ya kampuni yoyote unayoijua. Lebo inasema chanzo ni kisima kirefu, Nakuru, na usafishaji ni mchanga, mkaa, UV na ozoni. Alama ya viwango ipo. Orodha ya madini inataja kalisi, magnesi na sodiamu, lakini floridi haimo. Anayekagua kwa kuhesabu vipengele ataridhika, kwa kuwa chanzo kipo, usafishaji upo, leseni ipo. Anayesikiliza mashahidi ataona pengo. Chanzo kinamwambia kuna hatari fulani, na usafishaji uliotajwa hauigusi hatari hiyo. Je, maji hayo ni mabaya? Si lazima. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana kwa floridi, na pengine hicho kina floridi kidogo kiasi cha kupita vipimo bila shida. Lakini lebo haijakuonyesha hivyo. Kando yake ipo chupa nyingine ya mji uleule, imeandikwa RO na floridi 0.2. Kwa familia yenye mtoto mdogo anayekunywa maji hayo kila siku, mimi ningeichukua hiyo ya pili bila kubishana, hata kama ya kwanza ina picha nzuri zaidi.

Tarakimu zilizo kwenye lebo nazo zinaweza kuhojiwa. Kuna kipimo kinachoandikwa TDS, yaani jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka katika lita moja ya maji. Maji yaliyopita kwenye RO kwa kawaida huwa na TDS ndogo, makumi ya miligramu, hata kama kiwanda kimerudisha madini kidogo kwa ajili ya ladha. Ukiona lebo inayojivunia RO huku TDS yake ni 450, ama wamerudisha madini kwa wingi wa kushangaza, ama utando umechoka, ama tarakimu zilinakiliwa kutoka kwenye ripoti ya maji mengine. Kuna hesabu nyingine ndogo inayoweza kufanywa papo hapo kaunta: sehemu haiwezi kuwa kubwa kuliko jumla. Lebo ikisema TDS ni 40 na kalisi ni 65, hapo hakuna haja ya kemia. Aliyeiandika hakupima, au hakusoma alichopima, na mtu wa namna hiyo sijui kwa nini nimwamini kwa yale mengine aliyoyaandika.

Vivyo hivyo kwa wanaoandika kwenye chupa moja kwamba maji ni asilia ya madini, kisha mstari wa chini wakajisifu kwa RO. Maji asilia ya madini sifa yake ni kubaki na madini yatokayo mwambani. RO kazi yake ni kuyaondoa madini. Huwezi kunyoa kipara na bado ukasifiwa kwa nywele.

Najua kuna msikilizaji anayesema: haya yote ni ya nini? Nunua chapa kubwa inayojulikana, umalize kazi. Hoja hiyo si ya kijinga, kwa sababu kampuni kubwa ina maabara na ina jina la kupoteza. Lakini angalia kilichotokea Uingereza mwaka 2004. Kampuni ya Coca-Cola ilizindua huko maji yake ya Dasani, yaliyotengenezwa Sidcup, kusini-mashariki mwa London. Chanzo chake kilikuwa maji ya mfereji, yakapitishwa kwenye RO, yakaongezwa madini, kisha yakatiwa ozoni. Magazeti yalipogundua kwamba ni ya mfereji yalicheka sana, ingawa hilo peke yake halikuwa na madhara kwa afya. Tatizo lilitokea kwingine. Miongoni mwa madini yaliyoongezwa kulikuwa na kloridi ya kalisi, na ndani yake kulikuwa na bromidi. Ozoni ilipokutana na bromidi ikaigeuza kuwa bromati, kemikali inayohofiwa kusababisha saratani mtu akiipata kwa muda mrefu. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa maikrogramu 10 kwa lita. Baadhi ya chupa zilikutwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwezi Machi chupa zipatazo nusu milioni ziliondolewa sokoni, na bidhaa hiyo haikurudi.

Kisa hicho kinanifundisha mambo mawili, na yanavutana. La kwanza ni kwamba usafishaji unaweza kuongeza kitu, si kutoa tu. Kila hatua mpya kiwandani ni nafasi mpya ya kukosea. Kwa hiyo mlolongo mrefu wa maneno kwenye lebo si cheti cha usafi. La pili ni kwamba hakuna mnunuzi yeyote Sidcup ambaye angeiona bromati kwa kusoma chupa. Ilionekana maabara, na kampuni yenyewe ndiyo iliyoziondoa chupa. Hapo ndipo shahidi wa tatu anapoingia. Leseni ipo kwa sababu kuna mambo ambayo macho yako hayawezi kuyafikia, na lazima kuwe na mtu mwingine aliyeyapima.

Lakini leseni inasema nini hasa? Kenya, alama ya viwango ya KEBS huandikwa pamoja na nambari ya kibali, na kibali hicho ni cha bidhaa fulani ya mtengenezaji fulani. Maana yake ni kwamba kiwanda kilikaguliwa, sampuli zikapimwa, zikaonekana zimefikia kiwango, na kibali kikatolewa kwa muda maalumu. Haimaanishi kwamba chupa hii uliyoishika ilipimwa. Pia kibali huisha au husimamishwa: KEBS imetoa mara kadhaa orodha za chapa za maji zilizosimamishwa. Karatasi haijui kwamba kibali kimekwisha. Inaendelea kuonyesha alama ileile, kwa wino uleule. Ndiyo maana nasema alama bila nambari ni mchoro, na nambari isiyohakikiwa ni tarakimu tu. Kuihakiki hakuna ugumu. Unaandika ujumbe mfupi SM# ukifuatwa na nambari iliyo chini ya alama, unautuma kwa 20023, na jibu linakuja na maelezo ya kibali. Tanzania, kazi ya usalama wa chakula ilihamishwa mwaka 2019 kutoka mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo kwenda Shirika la Viwango, TBS, na alama ya kutafuta kwenye chupa ni ya TBS.

Jibu likija, usiangalie tu kama lipo. Soma jina la mtengenezaji, ulilinganishe na lile la kwenye lebo. Soma bidhaa, kwa kuwa kibali cha juisi au cha sabuni hakisafishi maji. Soma tarehe ya kwisha. Hapa ndipo ninapowajibu wanaosema kwamba matapeli wanaweza kunakili nambari ya kweli ya mtu mwingine. Wanaweza, na hufanya hivyo. Lakini wakinakili nambari peke yake, jina litakalorudi kwenye simu si la kwao, na wamejiumbua. Ili wafiche vizuri inawalazimu wanakili chapa nzima, jina, anwani na rangi, na hapo wamekuwa waghushi kamili, ambao lebo haiwezi kuwakamata. Itabidi uangalie kizibo kama pete yake imekatika kabla ya kufunguliwa, na maandishi ya tarehe na nambari ya toleo kama yamechapwa au yamebandikwa. Sidai kwamba kulinganisha lebo kunazuia kila udanganyifu. Nadai kwamba kunaufanya uwe ghali zaidi kwa mdanganyifu, na kunawatoa mapema wale wavivu, ambao nadhani ndio wengi.

Kuna alama nyingine inayowachanganya watu, nayo ni stempu ya ushuru. Tangu Novemba 2019 maji ya chupa nchini Kenya yanatakiwa kuwa na stempu ya KRA, na programu ya simu ya Soma Label inaweza kuisoma. Wengi huiona ile karatasi ndogo inayong'aa wakatulia, wakiamini serikali imeyapima maji. Serikali imepima kodi. Stempu inaweza kukusaidia kujua kama jina la mtengenezaji ni lilelile lililo kwenye lebo na kwenye jibu la KEBS, na kwa hilo ni shahidi wa ziada anayefaa. Kuhusu kilichomo ndani ya chupa haina la kusema.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote halihusu utapeli. Ni kwamba familia nyingi hazinunui chupa yenye lebo yake. Zinapeleka mtungi wa lita 20 kwenye kioski cha kujaza, na mtungi ule bado una lebo ya kampuni iliyoujaza mara ya kwanza, labda miaka miwili iliyopita. Lebo hiyo ni ya maji yaliyokwisha kunywewa. Chanzo chake, RO yake na nambari yake ya kibali havihusiani kabisa na kinachotoka kwenye bomba la kioski leo. Kuihakiki nambari hiyo kwa simu kutakuletea jibu sahihi kuhusu kampuni nyingine. Hapo maswali ni yaleyale, ila yanaulizwa kwa mdomo, na mwenye kioski ndiye anayepaswa kujibu: anachota wapi, ana mashine gani, utando ulibadilishwa lini, na kibali chake mwenyewe kiko wapi. Kibali kiwe cha kioski hicho, kwa jina lake, kimetundikwa ukutani. Akikuonyesha lebo ya mtungi wako kama jibu, ujue hana kingine cha kuonyesha.